Mume kaacha mke, wazazi na watoto wawili, nani anapata nini?

"Baba kaacha mke, mama yake, baba yake, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Tunagawaje?"

Kwanza toeni gharama za mazishi, madeni, halafu wasia kama upo (usizidi theluthi, na mrithi hausiiwi mpaka wenzake waridhie). Kinachobaki kigawe mafungu 72: mke thumni yaani 9, mama sudusi 12, baba sudusi 12, zinabaki 39, mtoto wa kiume 26 na wa kike 13. Mafungu haya yametoka Suratun Nisaa aya ya 11 na 12. Na wapo wanaosema mwanamke siku zote ni nusu ya mwanaume, lakini angalia hao wazazi, wamepata sawasawa! Nusu hapa ni kwa watoto kwa sababu kijana ndo anayebebeshwa mahari na matunzo ya mke na watoto, wakati binti chake ni chake, halazimiki kumlisha mume. Wazazi nao hawatolewi hata kama kuna wajukuu, aya yenyewe inasema hamjui nani kati ya wazazi na watoto yuko karibu zaidi kwa manufaa.

"Sasa mama yangu alichangia kujenga nyumba, naye apate thumni tu?"

Hapana dada, mchango wake sio urithi, ni mali yake, unatolewa kabla ya kugawa. Kazi ipo kwenye ushahidi, kama hakuna risiti wala mashahidi na ndugu wanakataa hapo itabidi mwende kwa kadhi.