Kioo cha bafuni: cha bawaba, cha kuteleza au kisichofunguka?

*Fundi, nyumba yetu ipo Mwanga, Kigoma. Sehemu ya kuogea ina upana wa sentimita 150, na choo cha kukaa kipo sentimita 50 tu mbele yake. Nataka kioo badala ya pazia. Nichukue cha bawaba, cha kuteleza au kisichofunguka? Unene gani, na mpira gani wa kuzuia maji?*

Dada, chukua kisichofunguka: kipande kimoja cha upana wa sentimita 90, ubakize 60 za kupita.

Mlango wa bawaba inafaa ufungukie nje, maana mtu akianguka ndani atauziba. Kwako utagonga choo kabla haujafunguka vizuri. Cha kuteleza kingeenea, ila reli yake ya chini hukusanya sabuni na mchanga, rola zikaanza kukwama. Kama hupati muda wa kuisugua kila wiki, kiache.

Unene milimita 8 unatosha. Kila mita moja ya mraba ya kioo hicho ina kilo 20, kwa hiyo chako cha sentimita 90 kwa 200 kitakuwa na kilo 36. Cha milimita 10 kingefika kilo 45 bila faida kubwa kwako. Lakini usikiache kimesimama chenyewe: fundi afunge fimbo ya stenlesi juu, kutoka ukingo ulio huru hadi ukutani, la sivyo kitatikisika kila kikiguswa. Kiwe kioo cha tempa, ambacho kikivunjika husambaratika vipande vidogo, si mapande marefu yanayochana. Tafuta muhuri uliochomwa kwenye kona, usipouona, usikilipie.

Mipira ya plastiki ni ya milango, na hununuliwa kwa unene wa kioo: wa milimita 8 ukiuvika kioo cha 6 utachomoka. Wewe unahitaji silikoni tu, ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu na isiyonuka siki, kwani ya siki hula chuma na haishiki vizuri kwenye saruji. Kioo kikishaingia kwenye chaneli ya alumini inayokishikilia, fundi apake silikoni upande wa nje tu. Maji yanayopenya kwenye chaneli yarudi ndani. Ukiziba pande zote mbili yatakaa humo na kuleta weusi. Msioge kwa saa 24.

Usiagize kioo kabla marumaru hazijakauka ukutani. Tempa haikatwi wala haitobolewi ikishachomwa, na kikija kutoka Dar kimezidi sentimita moja, hakuna fundi wa kukuokoa. Kuta za matofali ya kuchoma mara nyingi zimelala kidogo, kwa hiyo pima upana chini, katikati na juu, kisha weka timazi ukutani. Ukiona vipimo vimeachana zaidi ya sentimita moja, mwambie muuzaji akupe chaneli pana inayoweza kufidia pengo hilo.