Imamu Akisimama Bila Tahiyatu, Usimrudishe Chini

Juzi dada mmoja wa South B, hapa Nairobi, aliniandikia hivi: "Assalamu alaykum kaka. Nilikuwa naswali Adhuhuri nyumbani. Baada ya rakaa ya pili nikainuka moja kwa moja bila kukaa tahiyatu. Nimekumbuka niko katikati ya Alhamdu. Nikarudi chini, nikasoma tahiyatu, nikasimama tena, nikamaliza. Sikufanya sijda ya kusahau kwa sababu niliona nimeshalipa. Swala yangu imepita?"

Imepita, dada. Nitakueleza kwa nini, na pia kwa nini safari ijayo usirudi. Lakini niseme ukweli, ujumbe wako umenitonesha kidonda, maana jambo hilihilo ndilo lililonifanya niitwe mjuaji mbele ya watu.

Mimi nafanya kazi mjini. Jengo letu lina chumba cha kuswalia juu kabisa, zulia jekundu na spika moja inayokoroma. Hakuna imamu wa kudumu. Anayewahi na anayejiweza anasukumwa mbele, na nyinyi mnaofanya kazi mjini mnajua jinsi watu wanavyosukumana, "pita wewe, pita wewe," hadi iqama inakwisha na mihrabu haina mtu. Siku hiyo alipita mzee mmoja tunayemheshimu wote. Adhuhuri, rakaa ya pili, akatoka kwenye sijda akasimama wima. Nyuma tukasema "Subhanallah." Yeye alikuwa ameshanyooka, mikono ameshafunga. Akasita kidogo, kisha akarudi chini kukaa.

Safu ikagawanyika. Wengi wakarudi naye. Mimi nilibaki nimesimama, na kijana wa duka la simu aliye kando yangu akabaki nami. Tulisimama kama miti miwili uwanjani. Baada ya salamu, kabla hata ya kuvuta tasbihi, jamaa mmoja akageuka: "Wewe ndiye umesoma kuliko imamu? Imamu amewekwa ili afuatwe!" Wengine wakaitikia. Hakuna aliyeniuliza sababu. Nikashuka ngazi kimya, na hadi leo nikikutana na yule jamaa kwenye lifti tunasalimiana kwa kichwa tu.

Nilipomfikishia maalim wangu, alicheka, akaniambia nilifanya alichonifundisha.

Sisi wengi hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, hasa watu wa pwani na ndugu zetu Wasomali wa Eastleigh. Kwa Shafi, tahiyatu ya kwanza na kile kikao chake ni suna, ila ni suna nzito ambayo ukiiacha unaiziba kwa sijda ya kusahau. Kunuti ya Alfajiri nayo iko kundi hilo. Kusimama katika swala ya faradhi, kwa upande mwingine, ni nguzo. Sasa mtu akishanyooka ameshaingia kwenye nguzo, na haruhusiwi kuiacha nguzo ili arudie suna. Akirudi makusudi huku anajua kuwa imekatazwa, swala inabatilika. Akirudi kwa kusahau au kwa kutojua, haibatiliki. Mara tu anapokumbuka au kujulishwa anatakiwa asimame, kisha mwisho wa swala asujudu sijda ya kusahau.

Kwa hiyo dada yangu, wewe ulirudi kwa kutojua, na swala yako ni sahihi. Ulichopungukiwa ni zile sijda mbili. Ulikuwa na sababu mbili za kuzifanya, kule kuinuka bila tahiyatu na kule kurudi, lakini hata sababu zingekuwa tano sijda zingebaki mbili.

Mpaka wa mambo ni kunyooka. Ukikumbuka kabla hujanyooka, rudi ukae usome tahiyatu yako. Hapo utazame ulikuwa umefika wapi. Kama ulikuwa umeinua makalio kidogo tu, uko karibu na kukaa kuliko kusimama, huna sijda. Kama ulishakaribia kusimama, unarudi na mwisho unasujudu. Ndiyo maana nasema "Subhanallah" ya maamuma ina maana ikitoka mapema, wakati imamu bado amejikunja. Akishanyooka ukaendelea kuikariri mara sita kama muazini, unamsukuma arudi mahali asipopaswa kurudi. Yule mzee wetu hakuwa na kosa kubwa. Sisi nyuma ndio tuliomchanganya.

Na ushahidi uko wazi. Katika Bukhari na Muslim, Abdullah bin Buhaina, Mungu amridhie, anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaswalisha Adhuhuri, akasimama baada ya rakaa mbili bila kukaa, na watu wakasimama naye. Alipomaliza swala, watu wakingoja atoe salamu, akapiga takbira hali amekaa, akasujudu sijda mbili kabla ya salamu, kisha akatoa salamu. Hakurudi kukaa. Riwaya moja inaongeza kwamba sijda hizo zilikuwa badala ya kikao alichosahau. Ukiisoma hadithi hiyo vizuri, umepata hukumu na namna yake kwa pamoja.

Turudi kwenye safu. Imamu akisimama na wewe umekaa, inuka umfuate. Usibaki chini ukamalizia tahiyatu yako peke yako, kwani kumwacha imamu kwa makusudi hivyo kunabatilisha swala. Imamu akishanyooka kisha akarudi, hapo ndipo hufai kurudi naye. Una njia mbili: umngoje ukiwa umesimama, ukichukulia kwamba amerudi kwa kusahau, au unuie kujitenga naye na umalize mwenyewe. Mimi nilimngoja. Waliorudi naye bila kujua swala zao ni salama, hakuna wa kurudia. Na ikiwa ni wewe maamuma uliyeinuka kwa kusahau huku imamu amekaa kwenye tahiyatu, kwako hesabu inageuka: lazima urudi chini, kwa sababu kumfuata imamu ni faradhi kwako. Tena huna sijda, imamu amekubebea.

Tahadhari moja. Haya yote ni kwa tahiyatu ya kwanza. Usije ukasahau sijda ya pili au rukuu ukasema "nimeshanyooka, sirudi." Hizo ni nguzo na hazizibwi na sijda ya kusahau peke yake. Ukikumbuka umesimama kwamba ulisujudu mara moja tu, unashuka unaileta ile iliyobaki, unaendelea, na mwisho unasujudu kwa kusahau. Ukichelewa kukumbuka hadi umefika mahali kama hapo katika rakaa inayofuata, ile ya nyuma inakamilishwa na hii, na unaongeza rakaa moja. Kwa hiyo kabla hujaamua kurudi au kutorudi, jiulize kwanza ulichosahau ni nini.

Sasa namna yenyewe. Unamaliza tahiyatu ya mwisho yote, pamoja na kumswalia Mtume na dua zako. Hutoi salamu. Unanuia moyoni, unapiga takbira, unasujudu kama sijda ya kawaida na dhikri ileile ya "Subhana Rabbiyal Aala," unakaa kikao cha kati, unasujudu ya pili, unakaa, unatoa salamu. Husomi tahiyatu nyingine.

Kuna jambo dogo ambalo maalim alinionyesha kwa kunisukuma bega nilipokuwa nimekaa. Kwenye tahiyatu ya mwisho Shafi anakaa tawaruku, makalio chini na mguu wa kushoto umepenya chini ya wa kulia. Lakini mwenye sijda ya kusahau shingoni anakaa iftirashi, juu ya mguu wa kushoto, kama kwenye tahiyatu ya kwanza, kwa sababu bado ana sijda mbele yake. Akishamaliza sijda ndipo anakaa tawaruku na kutoa salamu. Ukiwa safu ya mbele ukaona imamu amekaa hivyo mwisho wa swala, jiandae.

Kina mama wa ghorofa ya juu hawaoni miguu ya imamu. Wanasikia spika tu. Takbira inalia baada ya tahiyatu ya mwisho, na baadhi wanainuka wakidhani kuna rakaa imebaki. Dada, likikupata hilo, rudi chini usujudu pamoja naye. Na wewe imamu, vuta takbira zako kwa sauti na uende polepole, kwani juu huko kuna watu wanaoswali kwa masikio.

Nairobi si kijiji cha madhehebu moja. Ukiswali kwenye msikiti ambao wengi wana asili ya India na Pakistan, imamu huenda ni Hanafi. Yeye akimaliza kusoma tahiyatu anatoa salamu moja upande wa kulia, anasujudu mbili, anasoma tahiyatu tena pamoja na kumswalia Mtume, kisha anatoa salamu pande zote. Kwao sijda hii ni wajibu, na asiyeifanya makusudi anatakiwa aswali upya. Nimeona watu wakisikia ile salamu ya kulia wanageuka kushoto, wanakunja miguu, wanatafuta simu, huku imamu anasujudu. Tulia. Usimpite imamu kwa salamu. Wala usianze kubishana naye baadaye kwamba Mtume alisujudu kabla. Alisujudu baada pia. Siku aliyotoa salamu kwenye rakaa mbili na Dhul-Yadayn akamuuliza kama amesahau au swala imepunguzwa, alikamilisha, akatoa salamu, ndipo akasujudu. Wenye ndimi kali mnaogombana kwenye ngazi za misikiti, someni zote mbili kwanza.

Aliyechelewa, masbuki, anasujudu pamoja na imamu wake hata kama hakuwapo wakati wa kusahau. Kisha imamu akitoa salamu anainuka kulipa rakaa zake, na kwa Shafi anazirudia zile sijda mbili mwishoni mwa swala yake mwenyewe, kwani hapo ndipo mahali pake. Imamu asiposujudu kabisa, maamuma wa Shafi anasujudu mwenyewe baada ya salamu ya imamu, kabla ya yake.

Dada aliniuliza pia, je, akishatoa salamu ndipo akumbuke? Kama aliitoa kwa kusahau na muda ni mfupi, bado yuko kwenye mswala wake, anasujudu mbili na kutoa salamu tena. Kama ameshakunja mswala, amepika chai na ameshapanda matatu ya kuelekea mjini, wakati wa sijda hiyo umempita. Kwa Shafi ni suna iliyomkosa, na Adhuhuri yake halipi.