Kiputo cha potometa na upepo wa bahari: niliyojifunza Tanga

Nilipoanza kufundisha baiolojia Tanga, niliweka potometa, kifaa chenye mrija mwembamba ambamo kiputo cha hewa huonyesha kasi ya tawi kuvuta maji, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linaloelekea baharini, ili tawi lipate mwanga wa kutosha. Kiputo cha hewa kilikimbia, na wanafunzi wakaandika kwamba mwanga huongeza upotevu wa maji kwenye majani. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hatukuwa tumelipima, kwa sababu dirisha lile lile lililoleta mwanga lilileta pia upepo, na hakuna aliyeweza kusema ni kipi kilichokisogeza kiputo. Tangu siku hiyo napima dirisha likiwa limefungwa, nikiongeza jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kabla ya vipimo, hakikisha kifaa hakipitishi hewa. Mimi hutumia tawi la haibiskasi, kwa kuwa shina lake ni gumu kiasi na hukaa vizuri ndani ya mpira. Matawi yenye utomvu mweupe, kama ya mfenesi, nayaepuka kwa sababu utomvu huziba mishipa ya maji. Shina hukatwa kwa mshazari likiwa ndani ya ndoo ya maji, na kifaa huungwa humo humo, kwani hewa ikishaingia kwenye mishipa hiyo, safu ya maji hukatika na tawi hushindwa kuvuta. Kisha hufuta majani yakauke na kupaka mafuta ya mgando penye maungio. Kiputo kikisimama ilhali majani ni mabichi, tazama kwanza maungio hayo: mara nyingi tawi linavuta hewa kupitia ufa mdogo badala ya kuvuta maji ya kwenye mrija.

Mfano wa siku moja ya Februari, wakati wa kaskazi, unaonyesha jinsi ninavyoendelea. Mrija wetu ulikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 1. Baada ya kuliacha tawi litulie kwa dakika 15, kiputo kilisogea milimita 24, kisha 25, kisha 24, kila mara kwa dakika 5. Eneo la tundu la mrija ni 3.14 × 0.5 × 0.5, yaani milimita za mraba 0.785, kwa hiyo milimita 24 ni takriban milimita za ujazo 19 kwa dakika 5, au 3.8 kwa dakika. Tulipowasha feni kwa mwendo mdogo, ikiwa umbali wa mita moja, kiputo kilikwenda milimita 39. Feni huondoa tabaka la hewa yenye unyevu linaloganda juu ya jani, ndipo mvuke wa ndani hupata njia rahisi ya kutoka.

Tulipoiongeza feni hadi mwisho, kipimo kilishuka hadi 31, na darasa likadhani nimekosea. Majani yalikuwa yameanza kulegea, maana tawi lilipoteza maji mengi kuliko lilivyovuta, na stomata, vile vitundu vya jani vinavyotoa mvuke, zikaanza kufunga. Hapa ndipo ikumbukwe kwamba potometa hupima maji yanayoingia kwenye tawi, wala si mvuke unaotoka. Hali ikiwa tulivu viwango hivyo viwili hukaribiana, ila tawi likianza kunyauka huachana.

Kwa unyevu, tulifunika tawi kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga, wa aina ya kufungia mikate (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiitumia zamani). Kipimo kilishuka hadi milimita 8, kwa sababu hewa ndani ya mfuko hujaa mvuke haraka. Somo zuri zaidi lilinijia siku moja ya masika, hewa ikiwa nzito kabla ya mvua: bila feni nilipata 13, na kwa feni ile ile ya mwendo mdogo 17 tu. Upepo hauwezi kulikausha jani kuliko hewa yenyewe inayoletwa, na hewa ya pwani siku hiyo ilikuwa tayari imeshiba maji. Kwa hiyo usilinganishe vipimo vya siku mbili bila kuandika hali ya hewa ya kila siku.

Mwanga ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu taa ya zamani ya waya hutoa joto pia. Joto hilo hulipasha jani, na wakati mwingine hupanua maji na hewa ndani ya kifaa hata kiputo kikarudi nyuma. Weka chombo cha kioo chenye maji kati ya taa na tawi, au tumia taa isiyochoma, kisha subiri dakika 10 stomata zifunguke kabla ya kusoma.

Mwisho wa kazi hurudi kwenye hali ya kwanza: siku ile ya Februari nilipata 23 badala ya 24, nikajua tawi lilikuwa bado zima.