Ukiamka roho nzito Jumamosi, usianze na sebene

Watu wengi huku kwetu Lubumbashi wakiamka Jumamosi na roho nzito wanafanya kitu kimoja, wanatafuta ndombolo ya moto kabisa, wanafungulia bafle mpaka mwisho, wanangoja furaha iingie kwa nguvu. Mi naona haiendi vile. Dakika mbili unazima, tena unabaki na hasira juu ya mtu mwenye anapiga kelele ndani ya bafle yako mwenyewe. Ni kama gari ya kusukuma, huwezi kuitia vitesi ya nne ingali imesimama, lazima kwanza itembee pole pole.

Hii haikutoka kichwani mwangu. Kuna daktari wa akili mmoja wa Amerika, Ira Altshuler, miaka ya 1940 alikuwa anatumia muziki na wagonjwa wake, na njia yake ilikuwa hivi: muziki wa kwanza ufanane na hali yenye mgonjwa iko nayo sasa, kama amelemewa basi muziki uwe wa pole, kisha unabadilisha kidogo kidogo mpaka unamfikisha pale unataka. Watu wenye kutibu kwa muziki bado wanatumia njia hiyo. Kitu chenye kinanifurahisha ni kwamba rumba yetu inafanya kazi hiyo hiyo ndani ya wimbo mmoja, bila daktari. Mwanzo ni sauti tu zinaimba mapenzi na uchungu, gitaa zinatembea nyuma kwa adabu, kisha mbele mbele huko maneno yanaisha, ngoma inabadilika, gitaa ya solo inashika kipande kifupi inakirudilia na kukirudilia, na hiyo njo sebene. Kwa hiyo asubuhi mbaya unahitaji nyimbo zenye zina njia ya kufika pale, usiruke tu moja kwa moja kwenye sebene.

Mi kwa asubuhi kama hizo natumia nyimbo tatu. Si lazima uchukue zile zile, shika tu mpangilio.

Ya kwanza ni Masanga ya Jean Bosco Mwenda. Huyu ni mtu wa huku kwetu Katanga, Hugh Tracey, mwenye alikuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo, na ni gitaa moja tu. Anapiga na vidole viwili, kidole gumba kinashika besi na kidole cha pili kinacheza juu, lakini ukisikiliza bila kujua utaapa ni watu wawili. Kwa nini naanza na hii? Juu haikulazimishi kitu. Haina ngoma ya kukuamrisha usimame. Unaweza kuisikiliza ungali kitandani umeangalia plafo, lakini ile besi ya kidole gumba haisimami hata kidogo, na kidogo kidogo mguu unaanza kujibu chini ya blanketi. Hapo usijiulize kama unacheza au hauchezi. Amka, piga mswaki, weka maji kwenye mbabula, acha wimbo uendelee, ukiisha urudilie mara moja.

Ya pili ni Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya 1985. Hii ni ndefu, inapita dakika kumi, na urefu wake njo faida. Franco anamsema kijana mmoja amesoma vizuri lakini hataki kazi, anakula tu pesa ya mwanamke mwenye kumzidi umri, na vile anavyomsema, kwa sauti ya mjomba amechoka, hata mtu mwenye huzuni anaweza kucheka. Mwendo wake ni wa kutembea. Huu wimbo unauchezea kazi: kufagia, kupangusa meza, kukunja nguo zenye zimelala kwenye kiti tangu Jumanne. Mabega yanaenda, kiuno kinafuata nyuma kidogo, hakuna mtu anakuangalia. Gitaa zikianza kujirudilia Franco akiwa anaongea juu yake, wewe utakuwa umeshacheza muda mzuri bila kujua ulianza saa ngapi.

Sasa njo unaweka Kanda Bongo Man, wimbo wowote wa ile miaka ya 80 yenye Diblo Dibala anapiga solo. Huyu Kanda alifanya ujanja mmoja kule Paris: bendi za zamani zilikuwa zinangojesha watu mpaka mwisho wa wimbo kwa kupata sebene, yeye akaileta gitaa mapema, beti inaisha tu na gitaa imeshaingia. Kama ungemweka wa kwanza asubuhi angekuchosha, lakini baada ya Mario mwili umeshapata moto, unataka hiyo. Kucheza kwasa kwasa, ile dansi ya nyimbo zake, si ngumu, kiuno kinaenda mbele na nyuma, mikono inafuata kiuno. Magoti yakunjike kidogo muda wote, ukiyanyoosha mgongo utakulipisha Jumapili.

Kuna kitu kingine juu ya sebene watu hawakiangalii. Rumba nyingi ni kilio, mwanamke ameenda, mwanaume amedanganya, pesa imeisha, na huku sote tunasikia Lingala kidogo, kwa hiyo kama shida yako ni ya mapenzi beti zinaweza kukuchoma pale pale penye kidonda. Lakini ndani ya sebene hadithi inakwisha. Atalaku anaita majina ya watu wa pesa, anaamrisha namna ya kucheza, anapiga makelele yenye hayana mwanzo wala mwisho. (Hayo majina ya mabosi yananiudhi siku zingine, lakini asubuhi ya namna hii ni dawa, hakuna mtu amewahi kulia kwa kusikia jina la mfanyabiashara.) Kichwa kinapata pumziko juu hakuna neno la kufuatilia, na ile gitaa inajirudilia mpaka mwili unajua kitu gani kinakuja kabla hakijakuja.

Niwape mfano. Leki yangu wa kike alikuja kukaa kwangu kutoka Likasi wakati kazi yake ilikuwa imekwisha, na Jumamosi njo siku ilikuwa inamlemea zaidi, juu siku za kazi alikuwa anazunguka na madosie yake lakini Jumamosi ofisi zimefungwa, anabaki anaangalia ukuta. Ukimwambia "amka tucheze" anageukia upande mwingine. Basi nikawa siseme kitu, naweka bafle jikoni, si chumbani kwake, naanza na Masanga kwa sauti ya chini, yenye mtu anaisikia kama anataka. Wimbo wa kwanza hakuna kitu. Kwa Mario alitoka kutafuta chai, na jikoni njo pako muziki, akabaki pale, akachukua vikombe akaanza kuosha, na nikaona kichwa kinaenda. Wakati Franco anamsema Mario, leki akasema, "Yaya, huyu si ni bwana wa fulani kabisa?" na tukacheka sana. Sikumwambia cheza. Kanda alipoingia alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi na kiuno kilikuwa kimeshaenda chenyewe. Haikumpa kazi, lakini siku ile alikula bukari yote na mchana akatoka kwenda kuona marafiki Kamalondo.

Ile ya kuweka bafle mbali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Ukiiweka karibu na kitanda unasikiliza umelala, na telefone iko mkononi, na telefone itakutoa kwenye muziki ikupeleke kwenye habari za watu. Weka mahali lazima utembee kufika. Na usiiweke chini kwenye kona, kona inaongeza besi na besi njo inapita ukuta, utamsikia jirani, "Kuko fete leo asubuhi?" Ipandishe juu ya kiti, katikati ya ukuta, sauti itasikika safi bila kuitia nguvu nyingi. Sauti yenyewe iongeze kwa kila wimbo, usianze juu. Na kama nyumba yako ina karo, cheza miguu mitupu, soksi zitakuangusha.

Utajuaje kama umepanga vibaya? Angalia mahali wimbo unabadilika. Kama wimbo mpya ukianza unashika telefone kutafuta mwingine, basi umeruka mbali sana, weka wa katikati. Njia ya kupima ni rahisi: piga mguu kufuata ngoma, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Ukipata kama 120 huo ni mwendo wa mtu anatembea haraka, mzuri kwa kufagia. Usiruke kutoka wimbo wa 80 kwenda wa 140 mara moja, tafuta wa 100 na wa 120 kwanza. Masikio yako yataamua mwisho, juu kuna nyimbo za pole zenye zinakuchezesha na za haraka zenye zinakuchosha tu.

Vijana wataniambia hizo ni nyimbo za babu. Sawa, chukua zenu, Innoss'B wa Goma na ile Yo Pe yake ya 2019 inachezeka vizuri. Ila nyimbo za sasa ni fupi, hazina nafasi ya kukutembeza, zinaanza pale pale zinaishia. Kwa hiyo panga nne au tano zenye mwendo unakaribiana, na zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo, tena zima YouTube isijichagulie yenyewe inayofuata, juu itakuletea wimbo wenye hukupanga. Angalia pia usichukue toleo lililokatwa. Video nyingi na redio zinakata wimbo sebene ikianza tu, na hapo umepanda ngazi yote ukakuta mlango umefungwa.

Hii yote ni kwa ile roho nzito ya kawaida. Kama imekaa wiki mbili karibu kila siku, usingizi hakuna, chakula hakiingii, vitu ulivyopenda havikuambii kitu tena, hapo usihangaike na mimi na Franco, enda uone daktari, na kama unawaza kujiumiza usingoje wiki hata moja, ita mtu leo. Na kwa mwenye amefiwa juzi, muziki ungoje kabisa. Huku kwetu kufungulia sebene wakati matanga bado ni kutafuta maneno na familia.

Kitu cha mwisho ni umeme, maana Jumamosi asubuhi njo kuran inapenda kwenda. Shusha nyimbo zote Ijumaa jioni mega zingali zipo, zikae ndani ya telefone kwa mpangilio wake, na uchaji bafle usiku ule ule. Kama bafle imekufa, telefone iweke ndani ya sufuria tupu, sauti itakuwa ya bati kidogo lakini gitaa ya Diblo utaisikia vizuri.