Wakikuomba picha, umri na kama umeolewa

Wadogo zangu mnaoanza kutafuta kazi hapa Kigoma, hili la picha na "umeolewa?" litawakuta tu, hasa kwenye maduka ya jumla na ofisi ndogo ambako bosi ndo huyo huyo anayeajiri. Mi lilinikuta Mwanga, miaka kadhaa nyuma, mzee mmoja ananiuliza kwenye intavyuu una mume, nikamjibu "hilo halihusiani na kazi." Kweli halikuhusiana, ila nililisema nimekunja sura, basi akafunga daftari na sikupigiwa tena. Haki nilikuwa nayo, kazi sikupata.

Sheria iko upande wako, hilo lijue kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa umri, ndoa, ujauzito au majukumu ya familia, na inamhesabu hata anayeomba kazi, sio aliyeajiriwa tu. Sasa shida ni kwamba swali peke yake ni ngumu kulishtakia, ubaguzi unaoonekana wazi ni akikunyima kazi kwa sababu ya jibu lako, na hiyo kuithibitisha ni ngumu maana atasema tu amepata mwenye uzoefu zaidi. Ndo maana mi nawaambia kifungu kikae kichwani, usimtajie mtu kwenye meseji ya kwanza.

Ngoja niwape ya mdogo wangu. Kaomba ukarani wa stoo, Jumapili jioni ikaingia watsapu: "tuma picha ya mwili mzima, umri, na kama umeolewa." Akataka asijibu kabisa, nikamwambia kaa hapa tuandike. Tuliandika hivi:

"Shikamoo bosi, nashukuru kwa kunifikiria. Sivii na vyeti nimeambatanisha. Picha ya paspoti saizi na kitambulisho nitaleta siku ya kusaini mkataba kwa ajili ya faili na NSSF. Umri wangu ni zaidi ya miaka 18. Kama unataka kujua kuhusu safari za Kasulu na Kibondo, niko tayari kwenda na hata kulala huko siku mbili tatu."

Ona hapo hakuna neno "sitaki" wala "hapana." Kila alichoomba kimeguswa, ila kimepewa muda wake, na ndoa haijatajwa kabisa, imejibiwa ile hofu iliyo nyuma ya swali, maana mara nyingi bosi anataka kujua utasafiri, utawahi, utakaa muda gani. Akajibu njoo Jumatano saa tatu.

Kwenye intavyuu akarudia tena, "una mume?" Hapo mdogo wangu akacheka kidogo akasema, "bosi unaogopa nitaondoka nini?" Bosi naye akacheka, akasema karani aliyepita alimfuata mume Mwanza katikati ya hesabu ya stoo, akaacha vitabu havijafungwa. Basi mdogo wangu akamwambia ukweli: kaolewa, mume yuko hapa hapa Ujiji, mtoto anakaa na bibi yake mchana. Alichagua mwenyewe kusema, baada ya kujua linaulizwa kwa nini. Angeona bosi anatafuta mambo mengine angeishia kwenye "naomba tuzungumzie kazi kwanza bosi wangu."

Kudanganya kwamba hujaolewa ndo kitu mi sishauri kabisa, kwa sababu ukija kumuandikisha mwenza kwenye bima ya afya cheti cha ndoa kitatoka, na siku hiyo utaonekana muongo kwa jambo ambalo usingelazimika hata kulisema.

Afu kuna kosa naliona kwenye sivii nyingi, mtu kaficha tarehe ya kuzaliwa vizuri kabisa halafu chini kaandika namba ya NIDA. Jamani, tarakimu 8 za mwanzo za namba hiyo ndo mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa! Ikianza 19980412 kila mtu anajua ni tarehe 12 Aprili 1998. Namba ya NIDA iache mpaka mkataba.

Na hiyo picha ya mwili mzima, hapana, usitume kwa mtu yeyote. Faili la mfanyakazi linahitaji paspoti saizi basi, na kama kazi ni ya stoo miguu yako anaitazamia nini? Akiendelea kuing'ang'ania baada ya kuambiwa kistaarabu, au akitaka umtumie usiku kwenye namba nyingine, mi namba hiyo ningeibloku na kazi yake abaki nayo.

Tofauti ni ajira za serikali kupitia Ajira Portal. Tangazo likisema umri usizidi miaka 45 na uweke picha, weka kama lilivyosema, huko hakuna wa kumjibu kwa heshima, ukiacha sehemu tupu maombi yako yanaweza yasifike mbali.