Shule Nyingi au Watoto Wengi? Maswali na Majibu Kuhusu Sampuli ya Hatua Mbili

Tunapima kichocho cha tumbo kwa wanafunzi wa mwambao wa ziwa. Tumechagua shule 20, kila shule watoto 30. Nikiwafikisha 60 kwa kila shule, si makadirio yatakuwa bora zaidi? (Msomaji, Sengerema)

Yatakuwa bora kidogo mno. Variansi ya wastani ina sehemu mbili:

V = S_b²/n + S_w²/(nm)

Hapa n ni idadi ya shule, m ni watoto kwa kila shule, S_b² ni tofauti kati ya shule na shule, na S_w² ni tofauti kati ya watoto wa shule moja. Idadi ya shule inapunguza sehemu zote mbili, ilhali idadi ya watoto inapunguza ya pili peke yake. Watoto wa shule iliyo jirani na mwalo huoga na kuteka maji penye konokono wale wale, hivyo ukishawapima 30, wanaofuata hawakuongezei mengi, na shule iliyo mbali na maji bado hujaifikia.

Tuchukulie kwamba ufanano wa watoto ndani ya shule, yaani ρ, ni 0.2. Watoto wako wana uzito wa sampuli nasibu ya kawaida yenye watoto nm/(1+(m−1)ρ). Kwa hiyo 600 wa shule 20 ni sawa na 88 tu, na ukiwaongeza hadi 1,200 unapata 94. Hata ungepima bila kikomo, usingevuka 20/0.2, yaani 100. Watoto 600 hao hao wakitoka shule 60, kumi kumi, wana uzito wa 214.

Basi si tuchukue mtoto mmoja mmoja? Ila mafuta ya boti kwenda visiwani ni ghali. (Msomaji, Ukerewe)

Gharama ndiyo inayoamua. Ikiwa kuifikia shule ni shilingi 150,000 na kumpima mtoto ni 5,000, yaani uwiano wa gharama ni 30, idadi inayofaa kwa kila shule ni √(uwiano × (1−ρ)/ρ) = √(30 × 0.8/0.2), takribani watoto 11. Mtoto mmoja kwa shule angekunyima pia njia ya kuikadiria ρ, ambayo utaihitaji kupanga utafiti ujao.

Kompyuta imenipa kosa sanifu la pointi 2 kwa maambukizi ya asilimia 40. Nitajuaje kama ni sahihi? (Msomaji, Magu)

Ikiwa nawe ulipima watoto 600 katika shule 20, nina shaka nalo, kwa sababu √(0.4 × 0.6/600) inatoa pointi 2 hizo hizo, maana yake kompyuta haikuambiwa kwamba kuna shule. Tafuta asilimia ya maambukizi ya kila shule, kokotoa mkengeuko sanifu wa asilimia hizo 20, kisha ugawe kwa √20. Mkengeuko ukiwa pointi 23, kosa sanifu ni karibu pointi 5. Njia hii inafaa pale shule zilipochaguliwa kwa uwezekano unaolingana na ukubwa wao, na kila shule ikatoa watoto sawa. Unapoweka mipaka ya asilimia 95, zidisha kwa 2.09 badala ya 1.96, kwa kuwa ulichonacho ni vipimo 20 vya shule, wala si 600.