Kondoo wanakufa usiku mmoja, na wanaokufa ndio walionona

*Daktari, nina kondoo 28 na mbuzi 8, niko Kongwa, nanenepesha kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Walizoea mabua na majani makavu. Wiki iliyopita nimewaanzishia mahindi ya kuparaza, kama nusu kilo kila mmoja asubuhi. Siku ya tatu kondoo wawili wamekutwa wamekufa, siku ya nne wa tatu akafa akirusha miguu na shingo imepinda nyuma. Wote walikuwa wazuri kuliko wengine. Mbuzi mmoja anaharisha maji. Nimempasua mmoja, figo imelainika kama uji. Jirani anasema wamewekewa sumu. Mwaka jana wote walichanjwa kimeta na chambavu.*

Ondoa mahindi leo hii, usisubiri kesho. Wape majani makavu na maji tu kwa siku mbili au tatu, na vifo vikikoma utakuwa umeshapata nusu ya jibu.

Ninachokishuku ni enterotoksemia, yaani ugonjwa unaoletwa na kula nafaka nyingi kwa ghafla. Bakteria wake wanaishi kwenye utumbo wa mnyama mzima, wachache, bila kumdhuru. Tumbo lililozoea mabua haliwezi kusaga wanga mwingi kwa ghafla, kwa hiyo wanga unapita ukiwa mbichi hadi utumbo mwembamba. Hapo bakteria wanapata karamu, wanazaliana kwa saa chache na kumwaga sumu inayoingia kwenye damu hadi ubongoni. Jirani yako basi hajakosea sana: sumu ipo, ila imepikwa ndani ya tumbo.

Kwa nini wanakufa wazuri? Simama kando ya hori lako uangalie. Wewe umepima nusu kilo kwa kila kichwa, lakini dume lenye nguvu linasukuma wenzake na kula karibu kilo, na yule dhaifu anaambulia makombo. Makombo ndiyo yaliyomponya.

Figo lakini isikudanganye. Kwa joto la huko, figo ya mzoga wowote uliolala saa kadhaa hulainika. Dalili yenye uzito zaidi ni maji ya rangi ya majani makavu kwenye mfuko wa moyo, yenye vipande kama jeli. Kwa kondoo, mkojo uliobaki kibofuni ukiupima kwa kijiti cha kupimia sukari kutoka duka la dawa, mara nyingi unaonyesha sukari. Usipoonyesha, ugonjwa haujafutika. Uthibitisho hutoka maabara: funga kipande cha utumbo mwembamba kwa uzi pande zote mbili kikiwa na uchafu wake, kiweke kwenye barafu, kifike siku hiyo hiyo. Na kabla ya kushika kisu tena, tazama: ukiona damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, mzoga usiokakamaa, usipasue kabisa. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Mwite afisa mifugo.

Chanjo uliyotoa mwaka jana ni nzuri, ila haizuii ugonjwa huu. Watu wengi huchanganya kwa sababu bakteria wa chambavu ni ndugu wa hawa. Soma kibandiko cha chupa: pawe pameandikwa `Clostridium perfringens type D`. Dozi ya kwanza peke yake haikingi vya kutosha; inafuata ya pili baada ya wiki 3 hadi 6, kulingana na kibandiko, chini ya ngozi. Kondoo baada ya hapo hurudiwa kila mwaka. Mbuzi kinga yao hushuka upesi, nami huwarudia kila miezi 3 hadi 6. Chupa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na isigande. Ukichanja leo usirudishe mahindi kesho, kwani kinga inajengwa taratibu.

Vifo vikishakoma, anza upya na gramu 50 kwa kichwa kwa siku. Kwa wanyama 33 waliobaki ni kilo moja na gramu 650, kidogo hadi utaona aibu. Gawa asubuhi na jioni, majani yatangulie. Ongeza gramu 50 kila baada ya siku tatu. Siku ya 16 utakuwa umefika gramu 300, na mimi ningesimama hapo mpaka dozi ya pili ipite wiki mbili. Tenga madume makubwa wale peke yao. Mahindi yakikuishia siku tatu nne, usirudi ulipoishia, rudi gramu 100 upande tena.

Mbuzi anayeharisha mpe majani na maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, kisha daktari aliye karibu amwone, kwa sababu kuharisha kwa mbuzi kuna sababu nyingi, ikiwemo asidi ya tumbo inayoletwa na mahindi hayo hayo. Tumbo lake likicheza maji ukilisukuma na kinyesi kinanuka uchachu, mwambie hivyo atakapofika. Na gunia la mahindi lifungie ndani kwa komeo. Mbuzi hujifunza kufungua mlango wa kamba.